Kadi Iliyorudi na Nyimbo

Kwetu sahani ya mtu hairudi tupu. Jirani akikuletea mihogo ya kuchemsha, siku ya kurudisha chombo chake unatia humo chochote, hata ndizi mbili, hata chumvi kwenye jani. Mama alitufundisha hivyo kwa maneno, na mara moja moja kwa mwiko. Ndivyo alivyotufundisha pia kutopokea kitu wala kumwita mtu kwa mkono wa kushoto, kwa sababu kwa baba hilo lilikuwa tusi kubwa kuliko matusi ya mdomoni. Nayasema haya mwanzoni kwa kuwa kila anayesikia kisa changu huniuliza nani alinituma kujaza nyimbo kwenye ile kadi. Hakuna aliyenituma. Ni malezi.

Kadi ninayosema ni ile ya simu, ndogo kama ukucha, inayohifadhi nyimbo na sauti. Wazazi wangu ni wakulima upande wa Lusangi, mahali ambapo mtandao haufiki, na mimi nashona nguo hapa Kasongo. Baba anajua kusoma, lakini kuandika kulimchosha na kumkasirisha. Alipopata simu ya vitufe akajifunza kitu kimoja tu ndani yake, nacho ni kurekodi. Alikuwa anakaa nyuma ya nyumba, anasema yote aliyotaka kuniambia, kisha anaitoa kadi, anaifunga kwenye kipande cha plastiki na kumkabidhi dereva wa pikipiki anayekuja Kasongo. Mimi nikishaisikiliza nilikuwa nazifuta sauti zake ili nafasi ipatikane, narekodi majibu yangu, halafu naipeleka kadi kwa fundi wa simu anitilie nyimbo za kanisani kabla sijairudisha. Tuliishi hivyo miaka miwili, na baba aliniambia kwamba sasa anajua nyimbo kuliko mwalimu wa kwaya.

Salamu zake zilikuwa ndefu kuliko habari zenyewe. Aliwasalimu watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, kila mmoja na swali lake: kaka mkubwa aliyeko Kindu anaulizwa kuhusu mgongo, mimi naulizwa kuhusu cherehani kama vile ni mkwe wake. Wa tatu ni mdogo wetu, kitinda mimba. Baada ya ule ugomvi, baba akifika kwenye zamu yake alikuwa ananyamaza kidogo, unasikia pumzi tu, kisha anawarukia wajukuu. Sikupenda kusikia ile pumzi.

Ugomvi ulikuwa wa mbegu. Mdogo wangu aliuza mbegu ya mpunga ya msimu mzima, gunia lililokuwa limehifadhiwa juu ya jiko lisiliwe na wadudu, akapata nauli ya kwenda Salamabila kuchimba dhahabu. Mwaka ule baba, mtu mzima mwenye mvi, alizunguka kwa majirani akiomba mbegu. Kijana aliporudi kuomba radhi mikono mitupu, baba alisimama mlangoni akamwambia mbele ya watu: "Usikanyage tena kiwanja changu mpaka nikuite kwa mudomo yangu mwenyewe." Mdogo wangu aligeuka hapohapo. Ana kiburi cha baba, na mimi ninacho pia, kwa hiyo simcheki.

Siku moja ya kiangazi kadi ilifika kama kawaida. Nilikuwa nashona sare za kwaya, nikaweka kadi kwenye simu, nikasikiliza huku mguu ukiwa kwenye cherehani. Baba akasalimia wa kwanza, akanisalimia mimi. Ikafika zamu ya tatu nikangoja pumzi, badala yake nikasikia anamsalimu mdogo wangu kama vile hakuna kilichotokea. Mwishoni akaniomba nimfikishie hizi salamu, kwa sababu Salamabila mtandao upo nami naweza kumpata. Akasema: "Umuambie arudi. Mbegu ni mbegu, inapandwa tena. Mutoto siwezi kupanda mwingine."

Nilipaswa kulia kwa furaha. Nilikasirika mpaka uzi ukakatika. Niliwaza baba akiwa mlangoni kwa watu na kikapu kitupu, niliwaza mama akila ugali mwaka mzima bila kuonja wali, na yule bwana huko machimboni anasamehewa kabla hajasema pole mara ya pili. Nikasema moyoni, atajua nitakapotaka mimi, akishaonja shida kwanza. Nikazifuta sauti zote, na ile ya mwisho niliifuta kwa kidole kizito, nisiisikie tena.

Kesho yake, pamoja na hasira yangu, nikaipeleka kadi kwa fundi. Ana kibanda karibu na soko, na kompyuta yake inakula umeme wa jua kutoka kwenye bati la jirani. Nikamwambia ajaze nyimbo mpaka kadi ishibe. Akaanza, na kabla hajafika popote wingu likaja, betri yake ikaishiwa nguvu, kompyuta ikazima. Nilimsema yule mtu. Nilimwambia kwamba hata watoto wa shule humaliza kazi waliyopewa, na kwamba sijawahi kurudisha sahani nusu. Alinirudishia kadi, nami nikampa dereva hivyo hivyo ilivyo.

Baada ya hapo kadi haikuja tena; baba, nilivyosikia baadaye, hakutaka kurekodi mpaka kijana ajibu. Miezi minne baadaye mama akatuma mtu: baba ameanguka shambani. Nilikuta kiharusi kimeshika upande wa kulia, mkono, mguu na ulimi. Macho yalikuwa yaleyale. Alinitambua, alinifuata kwa macho popote nilipokwenda, lakini mdomoni hakikutoka kitu isipokuwa sauti moja ya chini isiyo na umbo. Muuguzi wa kituo cha afya alituambia tumfanyishe mazoezi na tusimwahidi mtu kitu kuhusu usemi. Usiku na mchana mama alimpigia zile nyimbo zangu kwenye simu, na yeye alikuwa akisikiliza huku anautazama mlango.

Nilijua anamngoja nani. Mama hakujua kwamba sikufikisha ujumbe. Alikuwa amekaa karibu na baba siku anarekodi, na alidhani kijana ndiye amegoma. Niliporudi penye mtandao nikampigia mdogo wangu, nikamwambia baba ni mgonjwa, na kwamba kabla ya kuugua alimwita. Akaniuliza alimwita lini. Nikasema miezi minne iliyopita. Akacheka kicheko kibaya.

"Yaya, sasa hawezi kusema, ndio munasema alisema," akaniambia, maana yaya ndivyo kwetu mdogo anavyomwita dada yake. "Na mama usimutie ndani, mama atasema uongo juu ya kunipenda. Baba alisema kwa mudomo yake. Nikija bila kuitwa, nikamukasirisha akufe, nitaishi namna gani?"

Uthibitisho nilikuwa nao mkononi na nilikuwa nimeutupa mwenyewe. Nikaomba kadi nyumbani, dereva akaileta. Binti wa jirani yangu, mjuzi wa kila kitu, akasema kuna programu za kurudisha vilivyofutwa, niweke kadi kwenye simu yangu kubwa, nishushe programu. Nikafanya. Simu ikaiweka programu ile kwenye kadi yenyewe, sikujua. Ikatafuta, ikaniletea picha za majalada ya nyimbo, ikauliza niziweke wapi, nikabonyeza kadi. Nilibonyeza kila nilichoulizwa. Sauti ya baba haikuwemo.

Hapo ndipo nikameza kiburi nikaenda kwa yule fundi niliyemtukana. Alinitambua kabla sijakaa. "Karibu, mama wa sahani nusu," akasema, nami nilistahili. Nikamweleza ninachotafuta na kwa nini, isipokuwa sehemu ya hasira. Nilisema nilifuta kwa bahati mbaya. Aliitoa kadi kwenye simu yangu kwanza, akaiweka juu ya karatasi, kisha akaniuliza maswali kama daktari anayeuliza umekula nini. Ilifutwa lini? Ilikuwa kwenye simu gani? Simu iliwahi kukuomba uisafishe kadi yote upya, ukakubali? Ililowa? Baada ya kufuta, nani aliandika kitu juu yake?

"Wewe," nikamwambia. "Nyimbo zako."

"Zile najua. Na kingine?"

Nikasema hakuna. Akaichomeka kadi kwenye kompyuta, akatazama orodha, akanigeuzia kioo. Programu ya binti wa jirani ilikuwa imekaa pale na tarehe ya juzi, na folda nzima ya picha zilizorudishwa juu yake.

"Mama, watu wananidanganya kama vile wanadanganya muganga," akasema. "Lakini karte haidanganye. Mutu akifuta, usiguse tena. Usipige picha, usirekodi, usiweke kitu. Toa karte, leta."

Alinieleza kwa upole, nami nikaelewa kwa sababu alitumia shamba. Ukifuta sauti, simu haiing'oi. Inaondoa tu kibao kinachosema shamba hili ni la fulani, na mazao yanabaki yamesimama. Anayekuja baadaye akitafuta mahali pa kulima anaona hakuna kibao, analima. Nyimbo zangu zililima. Majibu yangu yangelima pia kama ningerekodi siku ile. Programu yangu ililima, na zile picha nilizoziokoa zilikwenda kukaa juu ya kile nilichokuwa nakitafuta. Muda wenyewe hauli kitu, alisema. Kadi ingeweza kulala sandukuni miezi hiyo minne na kila kitu kikabaki. Kinachoua ni kuandika juu yake.

Nikamuuliza kwa hiyo hakuna kitu. Akasema ngoja. Siku ile betri yake ilipozima alikuwa ameweka nyimbo kumi na moja tu, na kadi ina nafasi kubwa. "Ningemaliza kazi siku ile, leo nisingekuwa na kitu cha kukutafutia," akasema. Hakucheka, kwa hiyo nilicheka mimi, na kicheko kikageuka kilio mbele ya wateja wake wawili wa kuchaji.

Jambo la kwanza alilofanya lilinishangaza. Hakutafuta ndani ya kadi. Aliinakili kadi nzima kwenye kompyuta, hata zile sehemu zinazoonekana tupu, kisha akaichomoa akanirudishia niishike. Alisema atatafuta ndani ya nakala, ili akikosea asiharibu chochote, na kitakachopatikana kitakaa kwenye kompyuta, kisirudi kamwe kwenye kadi. Nakala ilichukua muda mrefu. Nilikuwa nikitoka nje kila mara kutazama mbingu. Sijawahi kuomba jua likae kama siku ile, nami ni mtoto wa wakulima wa mpunga.

Mchana akaniita. Kwenye kioo kulikuwa na majina tisa ya sauti, na kila jina limepoteza herufi yake ya kwanza, mahali pake pana alama tu. Ndivyo yanavyokuwa yaliyofutwa, alisema, mdomo umekatwa lakini mwili upo. Akafungua la kwanza, ikasikika mashine ikikwaruza. La pili vivyo hivyo. La tatu lilikuwa la mwaka uliopita, baba akiuliza kuhusu cherehani, likakatika. La nne hakuna. Nilikuwa nahesabu kwa vidole chini ya meza kama mtoto anayesubiri adhabu. La saba likaanza na kikohozi ninachokijua, na jogoo akawika nyuma yake, nikamshika fundi begani. Jogoo yule nilimsikia siku ile ya kiangazi nikiwa kwenye cherehani.

Baba akasalimia wa kwanza, polepole, pamoja na mgongo wake. Akanisalimia mimi. Kisha akasema: "Na wewe, kitinda mimba yangu, habari ya kule mashimoni? Unakula?" Na hapo ukaingia mkwaruzo mkali, ukaendelea mpaka mwisho.

Fundi alirudia mara tatu, akajaribu kwa njia nyingine, akatikisa kichwa. Alisema simu ilikuwa imeirekodi ile sauti vipande vipande, kila kipande penye nafasi yake, na nilipofuta, ile ramani ya kipande kipi kinafuata kipi ilifutika pia. Kipande cha kwanza tumekipata kizima. Vingine hajui viko wapi, na pengine wimbo umelala juu yake. Akaniuliza kama inatosha. Sikujua. Kuitwa kwenyewe, yale maneno ya mbegu na mtoto, yalikuwa kwenye mkwaruzo. Nikamwambia ukweli, kwamba sikufuta kwa bahati mbaya. Alikuwa anaufunga waya wa mashine yake. Akasema wengi wanaokuja kwake walifuta kwa hasira, na wote husema bahati mbaya.

Fundi aliniwekea ile sauti kwenye simu yangu, si kwenye kadi, na ningeweza kumtumia mdogo wangu kwa mtandao, Salamabila ingeipokea. Sikufanya hivyo, kwa kuwa kulikuwa na maneno mengine ya kusema, na hayo yanasemwa uso kwa uso. Nikapanda pikipiki. Nilifika kesho yake nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Nilimkuta amekonda, viganja vimepasuka, anaosha mchanga kwenye beseni. Nilipomwangalia nikaona swali la baba lilikuwa swali la kweli. Hakuwa anakula.

Tulikaa kwenye gogo. Nikampigia ile sauti. Alisikiliza akiinamisha kichwa. Ilipofika zamu yake akainua, na mkwaruzo ulipoanza akauacha ukwaruze mpaka ukaisha. Akaniomba nirudie. Akaniuliza ndani ya ule mkwaruzo baba anasema nini.

Nikamwambia neno kwa neno, mbegu na mtoto. Kisha nikamwambia nani alifuta, na kwamba nilifuta nikiwa na akili zangu timamu, nikiwa nimemkasirikia yeye.

"Miezi ine, yaya," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Alisimama tu, akachukua beseni lake akaenda. Nililala kwa mama mmoja anayepika chakula cha wachimbaji, bila kujua kama nitarudi peke yangu. Asubuhi nilimkuta amesimama kando ya pikipiki, mfuko begani, na ndani ya mfuko nusu gunia la mbegu ya mpunga aliyoitafuta sijui wapi. Hakunisalimu. Alipanda nyuma yangu, na kwenye utelezi wa kwanza akanishika kiuno nisianguke.

Nyumbani kiwanja chetu kimezungushiwa mananasi. Alifika kwenye mananasi akasimama, mfuko begani, viatu vyake pembeni kabisa mwa mstari. Baba alikuwa kwenye kiti chini ya paa, blanketi magotini. Mama alitaka kukimbia kumvuta kijana, nikamzuia. Nilipiga magoti mbele ya baba, nikamwomba radhi mbele ya wote wawili, nikamwambia nilichofanya na ujumbe wake. Alinitazama kwa muda mrefu. Sijui alinisamehe saa ile au baadaye. Kisha nikampigia sauti yake.

Alijisikiliza. Aliposikia jogoo alitazama upande wa jogoo. Alisikiliza salamu za wa kwanza, salamu zangu, na "Unakula?" Mkwaruzo ulipoingia akakunja uso, nikazima. Mdomo wake ukafanya kazi, ukafanya kazi tena, ikatoka ile sauti ya chini isiyo na umbo, na jasho likamtoka kwenye paji. Alijua alichokisema mlangoni siku ile. Alijua ni lazima kiwe kwa mdomo, na mdomo haukutaka.

Ndipo akautoa mkono wa kushoto chini ya blanketi. Ule ambao tulipigwa mwiko kwa ajili yake, ule ambao hakuwahi kumwitia hata mbwa. Akaunyoosha kuelekea mananasi, kiganja chini, akakunja vidole mara moja, mara mbili, kama mtu anayevuta kitu kizito polepole.

Mdogo wangu akavuka mananasi akiwa na mbegu begani.